Kwa Nini Chungu Kina Kitako cha Duara? Mradi wa Sanaa Unaoanzia Jikoni

Jirani yangu hapa Mbeya alibisha hodi jioni moja, mkononi kashika chungu kilichopakwa rangi ya mafuta, kijani na njano, kinang'aa kama gari jipya.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama, karibu."

"Mtoto aliambiwa afanye mradi wa sanaa na ubunifu juu ya ufundi wa jadi. Tumenunua chungu, tumekipamba usiku kucha, leo karudishiwa. Ati hakuna uchunguzi ndani yake. Sasa mwalimu, chungu kinachunguzwaje? Chungu si chungu tu?"

Swali lake ni la wazazi wengi. Kazi za namna hii zinatolewa shuleni, na nyumbani kila mtu anaelewa lake. Mmoja anadhani mtoto anatakiwa ajue kufinyanga, mwingine anadhani ni insha juu ya kabila fulani, wa tatu anakwenda sokoni kununua kitu cha asili na kukirembesha. Nimefundisha somo hili kwa miaka mingi, na naona vema nilieleze kwa kutumia chungu hichohicho cha jirani, maana kilikuwa chungu kizuri sana kabla hakijapakwa rangi.

Tuanze na maneno. Mradi wa aina hii una vitu vitatu: swali moja, ushahidi unaolijibu, na kitu alichobuni mwanafunzi kutokana na jibu hilo. Malighafi ni kile kitu kilichotumika kutengenezea, na kwa chungu ni udongo, maji, mchanga na moto. Nakshi ni pambo lolote lililo juu ya kitu, na pambo likijirudia kwa mpangilio tunaliita ruwaza. Historia, katika kazi hii, ni safari ya kitu chenyewe: kilitumiwa na nani, jikoni mwa namna gani, na kwa nini kikabadilika.

Kosa la jirani yangu lilikuwa kuanza bila swali. Nilikipindua kile chungu mezani kwangu, kikayumba na kulala ubavu. "Mama," nikamwambia, "mbona hakisimami? Hilo ndilo swali la mtoto."

Chungu kile kilitoka kwa Wakisi, watu wa ufukwe wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, pale milima ya Livingstone inapoteremka hadi majini. Wafinyanzi wao ni wanawake, na kijiji kinachotajwa zaidi kwa kazi hiyo ni Ikombe. Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema, ambako Jumamosi unaweza kuviona vimepangwa ufukweni, na kutoka hapo hupanda magari kuja Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Vinafinyangwa kwa mikono, bila gurudumu la mfinyanzi, na vinachomwa kwenye moto wa wazi. Hayo mawili, mikono na moto wa wazi, yashike vizuri, kwa sababu jibu la kitako limejificha humo.

Wengi huamini kitako ni duara kwa sababu wazee hawakuwa na meza wala sakafu iliyonyooka, au hawakujua kutengeneza kitako bapa. Mtu aliyeweza kuzungusha ukuta mwembamba wa udongo kwa vidole hadi ukatoka sawasawa pande zote hashindwi kubandika kitako bapa. Alikuwa na sababu, na sababu ya kwanza imo kwenye malighafi yenyewe.

Udongo wa mfinyanzi umeundwa na chembe ndogo mno, bapa kama magamba, na katikati yake kuna maji yanayozifanya ziteleze. Ndiyo maana unafinyangika. Maji yakikauka chembe zinasogeleana, na kitu chote kinasinyaa. Umewahi kuona dimbwi lililokauka kiangazi, tope lake limepasuka vipande vipande kama vigae? Ni jambo hilohilo. Kwa hiyo si kila udongo unafaa. Ule uliojaa mchanga hauumbiki, na ule laini kupita kiasi unasinyaa mno hadi unapasuka.

Mtoto anaweza kupima haya bila maabara. Achukue donge la udongo lenye unyevu, alisokote liwe uzi wa unene wa kidole, kisha auzungushe kwenye kidole chake. Ukikatika au kupasuka sana, udongo hauna mnato wa kutosha. Ukijikunja vizuri, aende hatua ya pili: atengeneze kibao chembamba cha udongo, urefu sentimeta 14, upana 4, unene 1, na juu yake akwaruze mstari wa sentimeta 10 kamili. Akiweke kivulini wiki nzima, akigeuze kila siku ili kisijikunje, kisha aupime tena ule mstari. Tuseme sasa unasoma sentimeta 9.2. Basi udongo umesinyaa kwa asilimia 8. Atengeneze kibao kingine cha udongo uleule, safari hii vipimo vinne vya udongo kwa kimoja cha mchanga laini au vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa. Atakuta mstari wa kibao hiki haukupungua sana kama ule wa kwanza, kwa kuwa mchanga hausinyai. Wafinyanzi wanalijua hili kwa viganja vyao. Mtoto analiandika kwa namba, na hapo tayari ana ukurasa mzima wa ushahidi wa kweli.

Sasa turudi kwenye kitako. Kitako bapa kina kona, mahali sakafu ya chungu inapokutana na ukuta. Kona hiyo mara nyingi ni nene kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo inakauka taratibu wakati ukingo wa juu umeshakauka na kusinyaa. Upande mmoja unavuta, mwingine bado umelala. Ufa unaanzia hapo. Motoni ni vilevile: sehemu iliyo karibu na moto inapata joto na kutanuka, ukuta wa juu bado baridi, na nguvu zote za kuvutana zinakusanyika kwenye kona. Duara halina kona, hivyo nguvu zinasambaa. Yai lina ganda jembamba, lakini ukilibana kwa kiganja kizima utashangaa linavyostahimili. Kitako cha chungu kinapata msaada uleule wa umbo.

Hili nalo linapimika. Mwanafunzi afinyange vibakuli vitano vyenye kitako bapa na vitano vyenye kitako cha duara, udongo mmoja, unene mmoja, ukubwa wa ngumi. Nasema vitano kwa vitano kwa makusudi. Nimeona mradi ambao mwanafunzi alilinganisha kimoja na kimoja, kile cha duara kikapasuka kwa bahati mbaya, akaandika kuwa wazee walikosea. Kipande kimoja kinaweza kupasuka kwa sababu ya kijiwe kidogo au hewa iliyobaki ndani ya donge. Vitano vinaanza kusema kitu.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, hasa huku nyanda za juu. Juni na Julai ni kukavu lakini ni baridi, na kibakuli kinachoonekana kikavu nje bado kina maji katikati ya ukuta. Kiguse kwenye shavu. Kikiwa baridi kuliko hewa ya chumbani, maji bado yanatoka. Wiki mbili za kivulini si nyingi. Ukikimbilia moto, maji yaliyobaki yanageuka mvuke, na hapa Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, mapema kuliko pwani. Mvuke ukikosa njia unapasua ukuta kwa kishindo, na vipande vinaruka. Kwa hiyo watoto wakae mbali, mtu mzima ashughulike na moto, na vyombo vipashwe kwanza polepole pembeni ya moto mdogo hadi visitoe mvuke kabisa.

Kisha vipangwe juu ya kuni nyembamba, vifunikwe kwa majani makavu na magome, moto uwashwe na kuachwa uwake vizuri. Usichome plastiki humo, moshi wake ni sumu. Ukifanya jioni utaona vyombo vinawaka wekundu hafifu kama kaa, dalili kwamba umefika nyuzi 700 au karibu yake. Udongo ukipita kama nyuzi 600 unabadilika asili yake na haurudi tena kuwa tope, hata ukiulowesha mwaka mzima. Kipimo ni rahisi: vikipoa, tumbukiza kigae kimoja kwenye maji usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimeyeyuka, moto haukutosha. Kikiwa kizima, kigonge kwa ukucha usikie mlio. Mlio mkavu na mrefu ni mzuri, mlio mfu kama wa ubao uliooza unaonyesha kuna ufa hata kama huuoni.

Yale mabaka meusi utakayoyakuta ubavuni si uchafu. Ni mahali hewa ilipokosekana wakati wa kuchoma, kaboni ikabaki ndani ya udongo. Chungu cha jirani yangu kilikuwa na baka kama hilo, zuri mno, likififia taratibu hadi wekundu. Lilikuwa ni kumbukumbu ya moto wake, na ndilo lililofunikwa kwanza na rangi ya kijani.

Ile rangi ya mafuta iliharibu na jambo jingine. Chungu cha moto wa wazi kina vinyweleo vidogo vidogo, na maji ya mtungini hupenya humo, yakafika nje na kukauka. Yanapokauka yanachukua joto, kama jasho linavyopoza ngozi, na maji ya ndani yanabaki ya baridi. Watu huona mtungi umelowa nje wakadai umetoboka. Haujatoboka, unafanya kazi yake. Utafanya vizuri zaidi Mbeya au Iringa wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, kuliko Kyela wakati wa masika, hewa ikiwa imeshiba unyevu. Ukiupaka rangi ya mafuta umeziba vinyweleo vyote, na mtungi unabaki kuwa ndoo nzito.

Tuingie kwenye nakshi. Hapa upotoshaji mkubwa ni imani kwamba kila mstari una maana ya siri. Nimesoma kazi za wanafunzi wanaoandika kwamba pembetatu ni uzazi na mstari wa mawimbi ni mizimu ya ziwa, na ukiwauliza wamepata wapi, wanakaa kimya. Ukimwuliza mama aliyefinyanga akakujibu, "Napamba tu, nilimkuta mama anafanya hivi," basi andika maneno yake hayohayo. Hilo ni jibu kamili la historia: ruwaza imerithiwa kwa mkono. Akikupa maana, iandike pia, na useme ni yeye aliyesema.

Kilichopo mbele ya macho kina mengi ya kueleza bila kubuni. Nakshi za vyungu vingi huwa kwenye bega, juu ya tumbo, na mara chache huteremka kitakoni. Angalia jinsi chombo kinavyokaa. Kikiwa chini au jikoni, mtu aliyesimama anaona bega. Kitako kinaungua na kushika masizi. Pia katika ufinyanzi wa mikono wa aina hii kitako humaliziwa mwishoni kwa kukwangua udongo wa ziada, na pambo lolote la huko lingekwanguliwa. Basi nakshi nazo zinakujibu swali la kitako. Na mikwaruzo ya begani ina faida ya ziada, kwani mkono uliolowa hautelezi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Mfinyanzi hana rula, na anazungusha ruwaza kwenye duara lisilo na mwanzo. Tuseme bega lina mzunguko wa sentimeta 60 na kila pembetatu ina upana wa sentimeta 7. Pembetatu nane ni sentimeta 56. Zinabaki 4, ambazo hazitoshi pembetatu ya tisa. Amezipeleka wapi? Weka karatasi nyembamba juu ya nakshi, isugue kwa kipande cha mkaa hadi michoro itokee, kisha pima kila pembetatu moja moja. Mahali fulani utakuta pembetatu iliyobanwa, au mbili zilizotanuliwa kidogo, au mistari midogo iliyojaza pengo. Hapo ndipo alipoanzia na kumalizia. Kwenye chungu cha jirani tulipapata baada ya kukwangua rangi: pembetatu moja nyembamba, imeinama kidogo kama mtu anayepita mlangoni. Mtoto alikaa kimya akiigusa kwa kidole. Alikuwa ameona uamuzi wa mtu asiyemfahamu.

Historia nayo ianzie kwenye kitako kilekile. Kwa nini chungu kisichosimama mezani kilikubalika? Kwa sababu hakikuwekwa mezani. Kilikaa juu ya mafiga matatu, na chombo cha duara kinakaa imara juu ya mawe matatu hata yakiwa hayalingani, huku moto ukikizunguka tumbo zima. Kichwani kilikaa kwenye ngata. Sakafuni kilikaa kwenye shimo dogo la udongo. Kisha zikaja sufuria za bati na alumini, likaja jiko la mkaa lenye uso bapa, likaja jiko la gesi, na sakafu ya saruji na vigae. Chungu hakikuharibika, ila mahali pake pa kukaa palihama. Mtoto amhoji bibi yake: nyumbani kwao kulikuwa na vyungu vingapi, kipi cha mboga, kipi cha pombe, kipi cha maji, na sufuria ya kwanza iliingia lini. Bibi huenda asikumbuke mwaka, lakini atakumbuka kama ilikuwa kabla au baada ya kuolewa.

Vigae vilivyovunjika ni ushahidi pia. Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba miaka ya 1960 wakakuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi iliyoanza yapata karne ya 13. Maji ya chumvi yalichemshwa kwenye vyungu, vyungu vikavunjika, na magae yakabaki chini kwa tabaka. Ni magae hayo yanayosaidia kusimulia nani alifika, lini, na mtindo gani wa nakshi ulimfuata upi.

Mwanafunzi anaweza kujaribu kazi hiyo kwa gae la chungu kilichovunjika nyumbani, mradi liwe na kipande cha mdomo. Achore kwenye karatasi miduara yenye kitovu kimoja, ya nusu kipenyo sentimeta 5, 6, 7 na kuendelea, kisha alaze ukingo wa gae juu yake hadi apate mstari unaolingana na mkunjo wake. Ukilingana na mduara wa 9, mdomo wa chungu ulikuwa na upana wa sentimeta 18. Masizi nje yanasema kilipikia, na kikiwa safi nje huenda kilikuwa cha maji au nafaka. Gae likiwa dogo kuliko vidole viwili jibu halitaaminika, kwa kuwa mkunjo wake unakubali miduara mingi. Na asiokote magae kwenye maeneo ya kale: yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na gae lililotolewa mahali pake limepoteza nusu ya habari zake.

Njia hii inaingia kwenye ufundi mwingine pia. Ukiwa Iringa, shika kikapu cha milulu cha akina mama wa Kihehe na uulize kwa nini ufumaji unaanzia katikati ya kitako, na nyuzi za ziada zinaongezwa wapi kikapu kinapopanuka. Kuhesabu tu nyuzi hizo kunakupeleka kwenye majibu mengi.

Bado kitu cha kubuni. Hapa wengi hurudi kwenye kurembesha, ilhali swali limeshawapa kazi: chungu cha duara kiwekwe wapi katika nyumba yenye vigae? Mtoto wa jirani aliamua kutengeneza kigoda cha mtungi. Mtungi una upana wa sentimeta 30 tumboni, na chini unakaribia kuwa tufe. Alitaka pete yenye upana wa ndani wa sentimeta 15. Kitako kitazama chini ya pete kiasi gani? Tulichora pembetatu: nusu kipenyo cha tufe ni 15, nusu kipenyo cha pete ni 7.5, na kwa kanuni ya Pythagoras upande uliobaki ni karibu 13. Toa 13 kwenye 15, zinabaki sentimeta 2. Pete ikiwa na kimo chini ya hapo, kitako kinagusa sakafu na mtungi unayumba.

Pete ya kwanza aliisuka kwa majani makavu ya mgomba, imara kabisa, kimo sentimeta 5. Siku ya nne ilianza kunuka. Jasho la mtungi lilikuwa limeilowesha, na hewa haikuwa na njia ya kupita chini. Ya pili ni ya mbao, imeinuliwa kwa miguu mitatu kama mafiga, na chini yake kuna kisahani cha udongo cha kupokea matone. Mtungi mpya umekaa juu yake sebuleni kwa mama yake, bila rangi, na maji yake ni ya baridi.